Meli au ndege? Namna ya kupiga hesabu ya mzigo mdogo wa China kabla hujaulipia

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile: "Ndege wananiambia dola 12 kwa kilo, meli dola 450 kwa CBM. Ipi nafuu?" Wengi wanaouliza ndio kwanza wanaanza. Wana mtaji wa milioni moja au mbili, fremu ndogo Kariakoo au wateja wa mtandaoni, na muuzaji Guangzhou anayewasubiri waseme mzigo upelekwe ghala lipi.

Swali likiulizwa hivyo halina jibu. Kilo ni uzito, na CBM, yaani mita moja ya ujazo, ni nafasi. Ni kama kuuliza debe la mahindi na gunia lipi nafuu bila kujua gunia linaingia madebe mangapi. Jibu limo ndani ya katoni yako mwenyewe, nawe unaweza kulipata kwa tepu ya kupimia, mizani na kikokotoo cha simu.

Mwongozo huu ni wa mzigo mdogo unaochangia kontena au ndege na mizigo ya wengine kupitia wakala. Anayejaza kontena zima ana hesabu nyingine.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

Kwanza vipimo vya katoni: urefu, upana na kimo kwa sentimita, uzito wa katoni ikiwa imefungwa, na idadi ya vipande vilivyomo. Mwombe muuzaji kabla hujamlipa pesa yote.

Pili bei za mawakala wasiopungua wawili hapa Dar, za meli na za ndege. Kila mmoja muulize maswali manne, na majibu yawe ya maandishi. Bei hii ina ushuru na gharama za kutoa mzigo ndani yake, au ni nauli peke yake? Kwa ndege, mnatoza kilo za mizani au za ujazo, na mnagawa kwa ngapi? Kwa meli, kiwango cha chini kabisa ni CBM ngapi? Na mzigo mzito sana mnautozaje?

Tatu, bei unayoweza kuuzia leo, si ile unayoitamani. Nenda sokoni ukaulize kama mnunuzi.

Kwenye mifano yangu nimetumia dola 12 kwa kilo ya ndege, dola 450 kwa CBM ya meli, kiwango cha chini cha meli CBM 0.1, na dola moja kwa Sh 2,600. Zote nimezichukua kuwa bei za pamoja, zenye ushuru ndani. Ni namba za kujifunzia hesabu tu. Weka za kwako, maana hizi hubadilika hata ndani ya mwezi mmoja.

Hatua ya 1: Pima katoni, usipime bidhaa

Kosa la kwanza la mgeni ni kupima mkoba mmoja kisha kuzidisha kwa idadi. Mikoba ikipangwa kwenye katoni hubaki na hewa katikati yake, na hewa hiyo unailipia. Kinachopimwa ghalani ni katoni kwa nje, kona hadi kona, pamoja na sehemu iliyotokeza zaidi.

Hilo la kutokeza lilinigharimu. Mzigo wangu wa kwanza wa ndege ulikuwa katoni tatu za mikoba ya kike. Muuzaji alinitumia vipimo: sentimita 60 kwa 50 kwa 50, kilo 18 kila moja. Nikajumlisha kilo 54, nikazidisha kwa dola 12, nikaja ghalani Dar na pesa ya dola 648. Kijana wa pale akaniambia, "Dada, kilo zako ni 87." Nikadhani amechanganya mzigo. Akanipeleka mpaka zilipo. Katoni zilikuwa zimevimba tumboni kama zimejazwa maji, kwa sababu muuzaji alisokomeza mikoba arobaini ndani ya kila moja bila kuipanga vizuri. Akaweka tepu mbele yangu: 63 kwa 53 kwa 52. Kisha akanionyesha hesabu ambayo sikuwahi kuisikia, ile ya kugawa kwa 6,000. Bili ilikuwa dola 1,044. Nilikuwa nimepanga kuuza mkoba Sh 30,000 rejareja na kupata faida ya Sh 5,500. Kwa bili ile kila mkoba ulinisimamia karibu Sh 33,000 kabla hata sijaubeba kutoka ghalani.

Yule kijana hakunidhulumu, alinitoza kama kila shirika la ndege linavyotoza. Ni mimi sikuuliza.

Hatua ya 2: Geuza katoni iwe namba mbili

Kwa kila katoni unahitaji hesabu hizi mbili:

```
urefu × upana × kimo (sm) ÷ 1,000,000 = CBM
urefu × upana × kimo (sm) ÷ 6,000 = kilo za ujazo
```

Ya kwanza ni ya meli, ya pili ni ya ndege. Kilo za ujazo zipo kwa sababu ndege inaweza kujaa kabla haijafikia uzito wake. Anayesafirisha mito ya kulalia anachukua nafasi ya mtu mwingine, kwa hiyo anatozwa nafasi. Ukigawa kwa 6,000, CBM moja inahesabiwa kama kilo 167 hivi. Kampuni za vifurushi vya haraka, zile za kukuletea mlangoni, kwa kawaida hugawa kwa 5,000, na hapo CBM moja inakuwa kilo 200. Ndiyo maana nimesema uulize wanagawa kwa ngapi, kwa sababu katoni ileile ina bili mbili tofauti.

Nichukue katoni mbili nitakazoenda nazo mpaka mwisho.

Katoni ya mikoba, isiyovimba: 60 × 50 × 50, kilo 18 kwenye mizani, vipande 40. Ujazo wake ni CBM 0.15, na kilo zake za ujazo ni 25.

Katoni ya kebo za chaji za simu: 50 × 40 × 30, kilo 20 kwenye mizani, vipande 500. Ujazo wake ni CBM 0.06, na kilo zake za ujazo ni 10.

Ziangalie vizuri. Mikoba ni mikubwa kuliko uzito wake, kebo ni nzito kuliko ukubwa wake. Kila unachotaka kuagiza kinaangukia upande mmoja kati ya hizi mbili.

Hatua ya 3: Tafuta kilo utakayotozwa na CBM utakayotozwa

Kwa ndege unatozwa namba iliyo kubwa kati ya kilo za mizani na kilo za ujazo. Mikoba itatozwa kilo 25, kebo zitatozwa kilo 20.

Wapo mawakala wanaotoza kilo za mizani tu. Ukimpata, na bidhaa yako ni nyepesi yenye kujaa nafasi, muulize mara mbili, aandike, na uhifadhi ujumbe wake. Bei yake ya kilo mara nyingi iko juu kidogo, lakini kwa midoli ya manyoya au kofia inaweza kukufaa kuliko ile ya chini inayotoza ujazo.

Kwa meli unatozwa CBM, ila usisahau kiwango cha chini. Katoni moja ya kebo ni CBM 0.06, lakini wakala wa mfano wetu hatozi chini ya 0.1. Utalipa 0.1. Mwenye vitu vidogo anayeagiza katoni moja moja hulipia nafasi tupu kila safari, na ni heri akusanye katoni mbili zipande pamoja.

Mzigo mzito una kanuni yake. Kwenye usafirishaji wa meli duniani, CBM moja huwekwa sawa na tani moja, na unatozwa kilicho kikubwa. Mawakala wengi wa mizigo ya kuchangia huweka kikomo cha chini zaidi ya hapo. Kama unaleta nati, boliti, spana au vipuri vya pikipiki, gawa kilo kwa CBM, kisha umpe wakala namba hiyo kabla hujaagiza. Wengine hili haliwagusi.

Hatua ya 4: Shusha gharama mpaka kwenye kipande kimoja

Hapa ndipo kilo na CBM zinapokutana. Mteja wako hanunui kilo wala CBM, ananunua mkoba.

Mikoba kwa ndege: kilo 25 mara dola 12 ni dola 300, gawa kwa 40, ni dola 7.50 kwa mkoba. Kwa meli: CBM 0.15 mara dola 450 ni dola 67.50, gawa kwa 40, ni dola 1.69 kwa mkoba.

Kebo kwa ndege: kilo 20 mara dola 12 ni dola 240, gawa kwa 500, ni dola 0.48 kwa kebo. Kwa meli: CBM 0.1 mara dola 450 ni dola 45, gawa kwa 500, ni dola 0.09 kwa kebo.

Ukitaka kujua meli inakutoza kiasi gani kwa kilo, gawa bili ya meli kwa kilo za mizani. Mikoba kwa meli inatoka dola 3.75 kwa kilo, kebo dola 2.25. Na ukitaka bei ya ndege kwa CBM, kilo 167 mara dola 12 ni kama dola 2,000 kwa CBM, na hiyo ndiyo ya chini kabisa, maana mzigo mzito utapita hapo. Kwa bei za namna hii, nauli peke yake, meli inashinda karibu kila mara. Anayekuambia ndege ni nafuu kwa sababu "dola 12 ni ndogo kuliko 450" hajapiga hesabu.

Basi kwa nini watu wenye akili zao wanaleta mizigo kwa ndege kila siku? Kwa sababu nauli ni sehemu tu ya hesabu.

Hatua ya 5: Linganisha na bei ya kuuzia

Mkoba umeununua dola 4. Kwa meli unakusimamia dola 5.69, yaani kama Sh 14,800. Kwa ndege ni dola 11.50, yaani Sh 29,900. Soko la jumla linakupa Sh 20,000. Kwa meli una faida ya Sh 5,200 kwa kila mkoba, kwa ndege unapoteza Sh 9,900. Mjadala umeisha. Hakuna haraka ya mteja itakayofidia hiyo, labda mteja mwenyewe akubali kulipia nauli.

Kebo umeinunua dola 0.90, yaani Sh 2,340. Kwa meli ongeza Sh 234, inakusimamia Sh 2,574. Kwa ndege ongeza Sh 1,248, inakusimamia Sh 3,588. Tuseme duka la jumla linachukua kwa Sh 5,000. Faida kwa meli ni Sh 2,426 kwa kebo, kwa ndege ni Sh 1,412. Zote mbili zina faida, na sasa ndipo swali la meli au ndege linapokuwa swali la kweli.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: nauli ya ndege ya kipande ikizidi faida ambayo ningepata kwa meli, siendelei na hesabu. Mkoba una nauli ya dola 7.50 na faida ya meli ya dola 2, unaenda melini. Kebo ina nauli ya Sh 1,248 na faida ya meli ya Sh 2,426, inastahili hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Zihesabu siku

Kwa meli kutoka Guangzhou, ukijumlisha kusubiri kontena lijae, safari ya baharini, kushusha bandarini na kutoa mzigo, jiwekee siku 45 hadi 60. Kwa ndege jiwekee siku 7 hadi 15. Siku hizi zinaanza mzigo unapofika ghala la wakala kule China. Siku uliyomlipa muuzaji haihesabiki, kwani kiwanda kinaweza kukaa na oda yako wiki mbili nyingine.

Rudi kwenye kebo. Tuseme meli inachukua siku 55, ndege siku 12, na kebo 500 unaziuza kwa siku 10. Mzunguko wa meli ni siku 65. Mzunguko wa ndege ni siku 22, kwa hiyo ndani ya muda wa meli moja ndege inazunguka kama mara tatu.

Mzigo mmoja wa ndege unakuletea faida ya Sh 706,000. Mara tatu ni Sh 2,118,000. Mzigo mmoja wa meli wa kebo 500 unaleta Sh 1,213,000. Wengi hufikia hapa wakashangilia ndege, lakini hesabu hii haijawa ya haki. Mzigo wa ndege unahitaji mtaji wa Sh 1,794,000 pamoja na nauli. Mtaji huohuo kwa meli unanunua kebo 716, na bado unabaki ndani ya kile kiwango cha chini cha CBM 0.1 unachokilipia hata hivyo. Kebo 716 zinakupa faida ya Sh 1,787,560.

Kwa hiyo ndege inaizidi meli kwa Sh 330,440 katika kama siku 65. Na hilo ni endapo soko lako linakula kebo 1,500 ndani ya muda huo. Kama unauza mizigo miwili tu, ndege inakupa Sh 1,412,000 na meli imeishinda.

Swali basi linageuka: wateja wangu wanamaliza vipande vingapi kwa miezi miwili? Mwenye fremu Mtaa wa Aggrey anayeuzia mafundi simu na wachuuzi anaweza kumaliza 1,500 bila shida. Anayeuza kwa picha za mtandaoni akiwa nyumbani Mbagala huenda anauza 200 kwa mwezi, na kwake ndege ni kumgawia wakala faida yake. Jibu unalo kwenye daftari lako la mauzo. Kama huna daftari, anza na meli huku ukiandika.

Ndege ina faida nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hizi: inakuzuia usikwame na mzigo mbaya. Toleo jipya la bidhaa usilolijua, leta vipande hamsini kwa ndege kwanza. Ukilipa nauli kubwa kwenye vipande hamsini ukagundua watu hawazitaki, umepoteza kidogo. Ukileta elfu moja kwa meli, utaziangalia mwaka mzima. Mimi kila bidhaa ngeni naijaribu hivyo, hata kama kipande kimoja kimoja kinaniletea hasara.

Hatua ya 7: Hesabu kurudi nyuma kwenye kalenda

Kwa bidhaa za msimu, anza na siku unayotaka mzigo uwe dukani. Mabegi ya shule yanatafutwa kuanzia katikati ya Desemba, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari. Rudi nyuma siku 60 za meli, uko katikati ya Oktoba. Rudi tena wiki tatu za kiwanda, uko mwishoni mwa Septemba. Hiyo ndiyo siku ya kulipia. Anayekuja kwangu Novemba akiwa na wazo la mabegi ya shule hana meli tena. Na begi ni kama mkoba, limejaa hewa, ndege italila lote. Namshauri atafute bidhaa nyingine.

Upande wa China weka alama kwenye Mwaka Mpya wao, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Februari. Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi vijijini kwao, na kabla ya hapo maghala hufurika kwa sababu kila mtu anataka mzigo wake uondoke. Ukiwa na oda ya wakati huo, iwe imefika ghalani kwa wakala mapema, hata mwezi mmoja kabla.

Hatua ya 8: Peleka mzigo kwa wakala ukiwa na alama yako

Ukishaamua, wakala atakupa anwani ya ghala lake kule na alama ya mzigo, kawaida herufi na namba pamoja na jina au simu yako. Mpe muuzaji aiandike pande mbili za kila katoni. Mwambie apige picha katoni ikiwa kwenye mizani na nyingine ikiwa na tepu, akutumie WeChat. Picha hizo ndizo zitakazokutetea vipimo vikitofautiana. Wakala akipokea, omba idadi ya katoni, kilo na CBM alizoandika, uzilinganishe na zako siku hiyohiyo, mzigo ukiwa bado China. Ukisubiri mpaka ufike Dar, huna tena la kubishana.

Taja bidhaa ilivyo. Mzigo wenye betri, maji, unga au sumaku una bei yake na masharti yake kwenye ndege, na kuuficha ni hatari kwa watu waliomo angani. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchaji zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na pawabenki zinahesabiwa humo. Nilichagua kebo kwa mfano wangu kwa sababu hazina betri. Ungekuwa unaleta spika ndogo au spika za masikio zisizo na waya, bei ya dola 12 isingekuwa ya kwako.

Na vipodozi, vyakula na vifaa vya umeme viulizie TBS kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika. Bei ya pamoja ya wakala haimaanishi kila bidhaa inaruhusiwa.

Mambo yakienda kombo

*Bili imekuja kubwa kuliko hesabu yako.* Usilipe wala usigombane, omba vipimo vya kila katoni. Sababu huwa moja kati ya tatu. Katoni imevimba: sentimita tatu kwenye kila kipimo zinapandisha ujazo kwa karibu sehemu moja ya sita. Au wakala amegawa kwa 5,000 badala ya 6,000, na utaligundua ukizidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha ukagawa kwa kilo alizoandika. Au amekadiria kwenda juu, kila katoni peke yake badala ya jumla ya mzigo. Ya tatu unaweza kuomba irekebishwe, mara nyingi wanakubali.

*Katoni ni kubwa na bidhaa ni chache.* Rudi kwa muuzaji kabla mzigo haujaondoka. Mikoba huja imejazwa karatasi tumboni ili isimame. Omba karatasi ipunguzwe na mikoba midogo iingizwe ndani ya mikubwa. Viatu vinaweza kuja bila maboksi yake, vikiwa kwenye mifuko, na ujazo hupungua sana. Ila mkoba wa ngozi ngumu usiukunje: mstari wa mkunjo hautoki, na mteja wa Dar huuona kabla ya rangi.

*Mzigo wa meli umepitiliza siku.* Muulize wakala namba ya kontena, jina la meli na tarehe iliyoondoka. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na unaweza kuifuatilia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Wakala asiyeweza kutoa namba hiyo wiki tatu baada ya kupokea mzigo, uwezekano mkubwa mzigo wako bado uko ghalani China ukisubiri kontena lijae. Kama tovuti inaonyesha kontena limeshashushwa Dar lakini mzigo hautoki, tatizo liko kwenye forodha, na kwenye kontena la kuchangia bidhaa ya mtu mmoja isiyo na vibali inaweza kuwazuia wote. Hapo huna la kufanya isipokuwa kusubiri, na ndiyo sababu bidhaa ya msimu haifai kuwekewa siku 45 kamili bila nafasi ya kuteleza.

*Wateja wanauliza na mzigo uko baharini.* Kwa bidhaa zilizopita hatua ya 5 tu, agiza katoni moja kwa ndege ili duka lisikauke, na usiongeze bei. Kebo 500 za ndege zilizochanganywa na 1,500 za meli zinakusimamia wastani wa kama Sh 2,760 kila moja, maana mzigo wa meli ukizidi kiwango cha chini, nauli ya kebo inashuka mpaka kama Sh 140. Piga wastani huo kabla ya kuamua. Wengi hutazama nauli ya ndege peke yake wakaogopa, huku wateja wao wakihamia duka la jirani.

*Umepewa bei ya pamoja halafu ukadaiwa ushuru.* Fungua ule ujumbe wa maandishi wa swali la kwanza. Kama bei ilikuwa ya nauli tupu, kaa chini na uhesabu upya: ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35 kulingana na bidhaa, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru, kisha zipo tozo nyingine ndogo. Kwa bidhaa ya asilimia 25, hizo mbili peke yake ni asilimia 47.5 ya thamani ya mzigo. Na hata bei ikiwa ya pamoja, dai risiti yenye jina lako na maelezo ya mzigo. Afisa wa TRA akiingia fremu yako akauliza bidhaa imetoka wapi, ujumbe wa simu kutoka kwa wakala hautakutosha.